UZI: Duka langu la mtandaoni linamuuzia mteja wa Bukoba blenda kwa 100,000, wa Mwanza kwa 118,000. Na risiti nazo zimevurugika

DukaKirumba (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu. Nipo hapa Kirumba, nauza vyombo vya jikoni: blenda, pasi, majiko ya gesi, sufuria. Duka la mtandaoni ni la WooCommerce, alinitengenezea kijana mmoja ambaye siku hizi simu zangu anazipokea kwa kubahatisha.

Miezi miwili iliyopita nimesajiliwa VAT, nimepata VRN, na nimeunganishwa na mtoa huduma wa VFD ili risiti zitoke zenyewe mteja akilipa. Bei zote nikazipandisha ziwe na kodi ndani. Blenda iliyokuwa 100,000 ikawa 118,000. Nikaona nimemaliza.

Juzi dada mmoja wa Bukoba kanunua blenda. Nafungua oda, nakuta kalipa 100,000 kavu. Nikadhani ametumia kuponi, hakuna kuponi. Nikaingia mwenyewe kwenye duka kama mteja: ukurasa wa bidhaa unaonyesha 118,000, naweka kwenye kapu, 118,000. Nafika kwenye kujaza anwani, nachagua mkoa wa Kagera, hapo hapo inashuka hadi 100,000. Nikibadilisha kuwa Mwanza, inarudi 118,000. Nimerudia mara nne mpaka mke wangu akaniuliza nacheza gemu gani.

Nimehesabu nyuma, oda 9 zimepita hivyo ndani ya wiki tatu: Bukoba, Musoma, Geita. Kingine, lodji moja ya Bukoba imenipigia kwamba ankara niliyowatumia kwa imeili "haisomi" TRA. Naombeni msaada, na kama kuna anayejua kwa nini Kagera imesamehewa kodi aniambie nihamie.

---

Boniphace_wa_Igoma

Mkuu umejichanganya mwenyewe. Weka bei bila kodi, halafu mfumo uongeze 18% mwishoni kwenye malipo. Sisi dukani ndivyo tunavyofanya. Pia kujua kodi iliyomo ni rahisi: chukua bei piga asilimia 18. Blenda yako 118,000 mara 18% ni 21,240. Hiyo ndiyo ya TRA.

---

Mhasibu_Nyegezi

Bonny, hapo pa pili hapana, na watu wengi wanapotelea hapo hapo. Asilimia 18 inahesabiwa juu ya bei kabla ya kodi, siyo juu ya bei iliyokwisha kubeba kodi. Kama kodi ingekuwa 21,240, bei halisi ingebaki 96,760. Haya, chukua hiyo 96,760 uiongezee 18% yake, unapata 114,176 na senti. Mbona hairudi 118,000?

Bei ikiwa na kodi ndani unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118. 118,000 × 18 ÷ 118 = 18,000. Inabaki 100,000. Ukitumia hesabu ya Bonny unampa serikali 3,240 zaidi kwa kila blenda, na serikali haitakuandikia barua ya shukrani.

Kuongeza kodi mwishoni ni jambo jingine. Kwa anayeuzia makampuni sawa, wao wanataka kuona bei kavu. Kwa mama anayenunua blenda akiwa kwenye daladala, akiona 100,000 ukurasa wa kwanza halafu 118,000 kwenye malipo, anafunga simu.

---

Boniphace_wa_Igoma

Kwa hiyo miaka yote hii…

Ngoja nimpigie mtu.

---

KodiNaKodi

Tatizo la DukaKirumba nalijua, liliwahi kunipata. WooCommerce inajifanya na akili: bei ikiwa na kodi ndani na mteja akiwa sehemu ambayo kodi yake ni tofauti na ya duka, inaiondoa kodi ya duka na kuweka ya kule kwa mteja. Dawa ni mstari mmoja tu, weka kwenye `functions.php`:

```php
add_filter( 'woocommerce_adjust_non_base_location_prices', '__return_false' );
```

Bei itakuwa 118,000 kila mahali, Bukoba mpaka Mtwara. Uzi ufungwe.

---

DukaKirumba

Mkuu ubarikiwe! Nimeweka, nimejaribu Kagera, 118,000. Nimejaribu Mara, 118,000. Nakudai soda au unanidai, sijui, lakini tupo pamoja.

---

SetaTovuti

Usifunge uzi bado, na soda iweke kwanza. Fungua oda ya majaribio uliyoweka kwa Kagera, uangalie mstari wa kodi. Usiangalie jumla, angalia mstari wa kodi peke yake. Unasoma ngapi?

---

DukaKirumba

Hakuna mstari wa kodi kabisa. Oda ya Mwanza inao: 18,000. Ya Kagera haina.

---

SetaTovuti

Ndiyo nilichokuwa nakihofia. KodiNaKodi kaeleza ugonjwa vizuri, ila dawa yake inapaka rangi ukuta uliopasuka. Huo mstari unazuia bei isishuke, lakini mfumo bado unaamini mteja wa Kagera hana kodi. Sasa unakusanya 118,000 na kitabu chako kinasema VAT 0. Mtoa huduma wako wa VFD anachukua namba kutoka kwenye oda, kwa hiyo risiti inayokwenda TRA nayo itasema 0. Mwanzo ulikuwa unapoteza fedha na unaona, sasa unatoa risiti yenye kodi pungufu na huoni. Bora ule wa kwanza.

Nenda WooCommerce > Settings > Tax > Standard rates. Kuna mstari mmoja wa kodi umeandikwa na yule kijana. Niambie safu ya State code ina nini.

---

DukaKirumba

Country code: TZ. State code: TZ18. Rate: 18.0000. Tax name: VAT.

Nilidhani TZ18 ni Tanzania asilimia 18!

---

SetaTovuti

Na yule kijana huenda alidhani hivyo hivyo. TZ18 ni namba ya mkoa wa Mwanza kwenye orodha ya mikoa. Kagera ni TZ05. Yaani umeiambia mashine kwamba VAT inalipwa na watu wa Mwanza pekee. Imetii. Nakubali kwamba 18 kukutana na 18 ni bahati mbaya ya aina yake. Duka lingekuwa Musoma, ambayo ni TZ13, mngeshtuka siku ya kwanza.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Futa TZ18, acha State code wazi, itajiandika nyota. Rate iache 18.0000. Kisanduku cha Shipping kiweke tiki kama gharama ya kusafirisha unaitoza wewe mwenyewe kama sehemu ya mauzo yako. Halafu rudi ukurasa wa kwanza wa Tax: "Prices entered with tax" iwe Yes, "Calculate tax based on" iwe Shop base address, na sehemu zote mbili za kuonyesha bei, ya dukani na ya kapu, ziwe Including tax. Kwenye Price display suffix andika "bei pamoja na VAT" ili mteja asijiulize. Ule mstari wa KodiNaKodi utoe, huna haja nao tena.

Kisha weka oda ya Kagera upya. Unatakiwa uone jumla 118,000 NA kodi 18,000. Ukiona kimoja bila kingine, hujapona.

---

KodiNaKodi

Nimeenda kuangalia duka langu. Nina miezi saba na ule mstari.

Sina la kusema. Mstari wangu wa kodi nao una mkoa. Naenda kukaa chini na mhasibu wangu kabla hajanikalisha yeye.

---

DukaKirumba

Jumla 118,000, kodi 18,000, Kagera. Nashukuru sana SetaTovuti.

Sasa zile oda 9 zilizopita? Bei halali zilikuwa jumla 1,062,000, nimekusanya 900,000. Kwa kuwa sikuwatoza kodi, si basi hakuna kodi?

---

Mhasibu_Nyegezi

Laiti. Wewe umesajiliwa, bidhaa ni ya kutozwa kodi, kwa hiyo ulichopokea kinahesabiwa kuwa kina kodi ndani yake, uwe umemtajia mteja au hukumtajia. Chukua 900,000 × 18 ÷ 118. Inakuja 137,288 na senti kumi na nne. Hiyo ni ya TRA, nawe unabaki na 762,711 na senti. Ulitegemea kubaki na 900,000 baada ya kodi, kwa hiyo hiyo tofauti imetoka kwenye faida yako. Huwezi kuwarudia wateja Bukoba uwadai 18,000 kila mmoja, utachekwa mpaka Kemondo.

La muhimu zaidi ni zile risiti 9 zilizokwenda zikisema kodi 0. Usijaribu kuzifuta, risiti iliyokwisha kufika TRA haifutiki. Ziorodheshe kwa namba, tarehe na kiasi, mpe mhasibu wako azirekebishe kwenye ritani ya mwezi husika. Ritani inawasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kama zote ni za mwezi huu una nafasi. Beba na maelezo ya maandishi ya kilichotokea, na picha ya ule mstari wa TZ18. Nimeona makosa ya kijinga kuliko hayo yakieleweka, ilimradi mtu ameenda mwenyewe kabla hajafuatwa.

---

NyavuMwaloni

Habari za wakati huu. Mimi niko Mwaloni, nauza nyavu, kamba, maboya, na pembeni makoti ya mvua na tochi. Mbona mnasema bei zote zina VAT? Nyavu hazina VAT, tangu lini nyavu zikawa na VAT? Msitishe watu.

---

Mhasibu_Nyegezi

Ndugu yangu hakuna aliyetaja nyavu, tunazungumzia blenda. Lakini umefanya vizuri kuingia, maana duka lako ni gumu kuliko la Kirumba. Nyavu za kuvulia zimo kwenye orodha ya misamaha, jedwali lililo mwishoni mwa sheria ya VAT. Makoti ya mvua na tochi ni vya kodi ya kawaida. Ukiweka kila kitu Standard, nyavu ya 59,000 mfumo utaichomolea 9,000 na kuiita kodi, wakati hakuna kodi pale. Utaipelekea TRA fedha ambayo ni yako.

---

SetaTovuti

Na usiitie nyavu kwenye Zero rate iliyokuja na WooCommerce kwa sababu tu zote mbili zinasoma sifuri. Kwenye risiti kila bidhaa ina herufi: A ni ile ya kawaida, C ni ya asilimia sifuri, E ni yenye msamaha. Sifuri na msamaha kwa mteja ni mamoja, kwa TRA ni vitu viwili, kwa sababu mwenye mauzo ya msamaha hawezi kudai kodi yote aliyolipa kwenye manunuzi yake. Tengeneza daraja jipya la kodi kwenye "Additional tax classes", liite Msamaha, liache bila asilimia yoyote, kisha mwambie mtoa huduma wa VFD kwamba Msamaha ni E. Halafu pitia bidhaa moja moja. Inachosha, najua. Niliwahi kuifanyia duka lenye bidhaa mia nne na kitu, kuanzia saa mbili usiku mpaka adhana ya alfajiri.

---

NyavuMwaloni

Mia nne? Mimi ninazo 23. Asante, nimeelewa. Na kamba za kuvutia mtumbwi?

---

Mhasibu_Nyegezi

Angalia jedwali lenyewe, limeandikwa kwa namba za ushuru wa forodha, siyo kwa majina tunayotumia ziwani. Chukua namba iliyo kwenye nyaraka za aliyeingiza mzigo ulinganishe. Usichukue neno langu wala la mwenye duka la jirani.

---

DadaMkate_Buhongwa

Samahani kuingilia. Mimi natengeneza keki na mikate, nauza kwa oda mtandaoni, sina VRN. Nikiandika "bei pamoja na VAT" ili duka lionekane la maana, ni kosa?

---

Mhasibu_Nyegezi

Ni kosa dada. Asiyesajiliwa VAT haruhusiwi kuitoza wala kuitaja kwenye bei. Kujisajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa miezi 12, kiwango kilichowekwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Wewe bei yako ni bei, basi. Kwenye mfumo wa duka, izime kabisa sehemu ya kodi, usiiweke sifuri. Risiti ya EFD ni habari nyingine, hiyo haingoji VRN, nenda ofisi ya TRA iliyo karibu na TIN yako wakwambie upo kundi gani.

---

DukaKirumba

Turudi kwangu jamani, bado la lodji ya Bukoba. Wao wana TIN na VRN, wamenunua majiko mawili. Duka likawatumia PDF yenye nembo yangu, imeandikwa TAX INVOICE kwa herufi kubwa, ina TIN yangu na VRN yangu. Mhasibu wao anasema si kitu.

---

SetaTovuti

Ina msimbo wa mraba wa kuskani? Ina namba ya uhakiki?

---

DukaKirumba

Haina. Ile yenye msimbo inakuja kwangu kwenye imeili ya duka, kutoka kwa mtoa huduma. Mteja anapata hii yenye nembo.

---

SetaTovuti

Basi mhasibu wa lodji yuko sahihi. Hiyo PDF inatengenezwa na plagini ya ankara ndani ya duka lako, haijawahi kuongea na TRA hata siku moja. Ni karatasi nzuri tu. Risiti halali ni ile iliyosajiliwa, yenye namba ya uhakiki, ambayo mtu akiskani inamfungulia `verify.tra.go.tz` na kumwonyesha jina lako, muda, jumla na kodi. Bila simu yenye kamera anaandika namba ile pamoja na saa ya risiti kwa mkono, inafunguka vile vile.

Fanya mambo mawili. PDF ya nembo ibadilishe kichwa iwe "Uthibitisho wa oda", uondoe maneno TAX INVOICE. Halafu mwombe mtoa huduma wako akurudishie kiungo cha uhakiki mara risiti ikikubaliwa, ukihifadhi kwenye oda na kumtumia mteja kwa imeili au meseji. Wengi wanakitoa, ila aliyekuunganishia hakukitumia.

Na kuna la tatu: lodji wanataka TIN yao iwe ndani ya risiti, la sivyo hawawezi kudai hiyo kodi. TIN haiongezwi baada ya risiti kutoka. Weka uga wa TIN na VRN kwenye fomu ya malipo, usiwe wa lazima, wenye haraka wapite. Thibitisha kwamba TIN inaandikwa tarakimu 9 tu, maana watu huweka vistari, nafasi, hata namba ya simu.

---

MamaNansio

Wanangu nawasoma tangu juzi. Mimi niko Ukerewe, nauza vitenge na mashuka, mzigo natoa Mwanza, wateja wangu wa visiwani wanalipa wakishapokea. Duka langu linatoa risiti pale pale mteja anapobonyeza kuagiza. Wiki jana mteja wa Ukara kaagiza mashuka ya 236,000, risiti ikatoka, mzigo ukapanda boti, kufika hayupo, simu imezimwa. Mzigo umerudi. Risiti imebaki. Kodi ya mashuka ambayo hayajauzwa ninailipa mimi?

---

SetaTovuti

Shikamoo mama. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Fundi wako ameifunga risiti kwenye hali ya oda inayoitwa processing. Mteja akilipa kwa mtandao, oda inafika processing kwa sababu fedha imeingia. Lakini akichagua kulipa akipokea, WooCommerce inaipeleka processing moja kwa moja bila senti kuingia. Mashine haijui tofauti, inatoa risiti kwa ahadi.

Inatakiwa iwe milango miwili: malipo ya mtandao yafungue risiti pale fedha inapothibitishwa, na za kulipa ukipokea zifunguke pale wewe mwenyewe unapoigeuza oda kuwa completed baada ya fedha kufika. Na mlango wowote ukifunguliwa mara ya pili, uone risiti ipo tayari na ugeuke. Bila hilo kampuni ya malipo ikituma ujumbe wa uthibitisho mara mbili, jambo ambalo hutokea mtandao ukiyumba, unapata risiti mbili za oda moja. Mfupa wake ni huu:

```php
function duka_tuma_risiti( $order_id ) {
    $oda = wc_get_order( $order_id );
    if ( $oda->get_meta( '_vfd_risiti' ) ) {
        return; // risiti ipo
    }
    // tuma kwa VFD, kisha hifadhi namba kwenye _vfd_risiti
}
add_action( 'woocommerce_payment_complete', 'duka_tuma_risiti' );
add_action( 'woocommerce_order_status_completed', 'duka_tuma_risiti' );
```

Kwenye kutuma, ambatanisha namba ya oda ili hata ukituma tena kwa sababu jibu lilikatika njiani, mtoa huduma aitambue kuwa ni ile ile.

---

Mhasibu_Nyegezi

Marahaba nimpokelee mama, maana yuko na hasira. Mama, mashuka ya 236,000 yana kodi 36,000. Mauzo hayakufanyika, kwa hiyo inarekebishwa kwa hati ya kupunguza, ukitaja namba ya risiti ile na sababu, na mhasibu anaipunguza kwenye ritani. Tunza tiketi ya mzigo wa kwenda na wa kurudi, ndiyo ushahidi wako.

Seta, nina shaka na mlango wako wa pili. Sheria inasema kodi inadaiwa kwa kinachotangulia kati ya ankara kutolewa, malipo kupokelewa, au mzigo kukabidhiwa. Mteja akilipa benki au kwa lipa namba Jumatatu na wewe ukathibitisha kwa macho, halafu ukafunga oda Alhamisi mzigo ulipofika, risiti imechelewa siku tatu.

---

SetaTovuti

Kweli kabisa, na mfupa wangu hauligusi hilo. Malipo ya kuthibitisha kwa mkono ukiyageuza toka on-hold kwenda processing, `woocommerce_payment_complete` haiitwi. Hapo inabidi kuongeza kitufe cha "Toa risiti" kwenye oda na mtu akibonyeze siku ile ile fedha inapoonekana. Sijapata njia ya kukiepuka hicho kidole cha mtu.

---

MamaNansio

Nimeelewa ya fedha. Lakini nikipandisha mzigo kwenye meli bila risiti, nikisimamishwa bandarini nikaulizwa, nionyeshe nini? Mwanzo nilikuwa na risiti isiyo na fedha, sasa nitakuwa na mzigo usio na risiti.

---

Boniphace_wa_Igoma

Mama beba hati ya kupelekea mzigo, yenye namba ya oda na TIN yako. Mimi napita nayo Nyegezi stendi kila wiki.

---

Mhasibu_Nyegezi

Bonny anapita, sijui kama kila mtu atapita. Mimi wateja wangu wa visiwani nimewashauri wachukue malipo ya mtandao kabla ya boti kuondoka, wampe mteja punguzo dogo kwa hilo. Nusu wamekubali, nusu wanasema wateja wao hawalipii wasichokishika.

---

MamaNansio

Wangu ni hiyo nusu ya pili.

---

KodiNaKodi

Swali la pembeni. Si kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2025 VAT ilitangazwa kushuka hadi 16% kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa benki au mtandao? Sasa duka letu la mtandaoni si ndilo hasa? Mbona wote mnaandika 18?

---

Mhasibu_Nyegezi

Ilitangazwa, ndiyo, kwa mnunuzi asiyesajiliwa. Ndiyo maana asilimia iandikwe sehemu moja tu, ule mstari wa Standard rates, isitawanywe kwenye plagini, kwenye PDF na kwenye msimbo wa fundi. Ila usibadilishe kwa kusoma hotuba. Peleka swali kwenye ofisi yako ya TRA kwa maandishi: malipo yangu yanapita njia hii, wanunuzi wangu ni hawa, nitumie ipi? Jibu liwe na muhuri. Na mtoa huduma wa VFD awe tayari kuipokea, la sivyo duka litasema moja na risiti nyingine.

Fahamu pia kitakachotokea kwenye blenda ya 118,000 bei isipoguswa: kodi ndani yake kwa 16% ni 16,276, na inayobaki kwako ni 101,724. Kushusha bei au kubaki nayo ni uamuzi wako, mimi simo.

---

DukaKirumba

Marejesho. Nimetoa TZ18, nimebadilisha kichwa cha PDF, nimeongeza uga wa TIN. Mtoa huduma ameniwekea kiungo cha uhakiki kwenye meseji. Shemeji yangu aliye Bukoba kanunua pasi kwa majaribio, kalipa kwa simu, meseji imemfikia kabla hajaweka simu mfukoni. Kaskani: jina langu, 47,200, kodi 7,200. Sahihi.

Ila kuna kitu kidogo. Oda nyingine ilikuwa na vijiko, uma na visu, aina tatu, kila moja 2,500. Duka linasema kodi 1,143, risiti ya TRA inasema 1,144. Shilingi moja. Niache?

---

SetaTovuti

Usiache, ikijirudia mara elfu mhasibu atalia. Kila mstari wa 2,500 una kodi 381.36, na duka lako halionyeshi senti, linakata kila mstari uwe 381, mara tatu 1,143. Risiti inakata mara moja kwenye jumla ya 7,500, inapata 1,144. Kwenye Tax settings kuna kisanduku cha Rounding, "Round tax at subtotal level, instead of rounding per line". Kiwekee tiki.

---

DukaKirumba

1,144 na 1,144. Pasi ya majaribio shemeji anasema hairudishi.